Mkono Uliobinya Tone

Asubuhi hiyo nilitoka Ruwi, hapa Maskati, na begi langu la mgongoni bila kujua ninakwenda wapi. Nilipanda basi la kwanza lililosimama, nikashuka Azaiba kwa sababu tu niliona maji yakitiririka chini ya mlango wa duka lililofunikwa mapazia meusi. Nilitaka kujua ni duka gani linalooshwa kwa ndani. Shule niliacha mapema, lakini kuchungulia sijawahi kuacha.

Ndani kulikuwa na mpiga picha, Mkenya, amekunja suruali magotini. Mezani palisimama chupa ndogo ya serumu ya uso ndani ya beseni pana, imegandishwa kwa udongo wa kuchezea isitikisike. Nyuma yake taa ilipita kwenye karatasi nyeupe, ikaiwasha chupa kama chai ya rangi. Pembeni kulikuwa na vipande vya shubiri, tembe za ubani, na petali za waridi zilizotundikwa kwenye nyaya nyembamba.

"Sista, umekuja kwa kazi?" akauliza. "Msaidizi wangu ameniruka leo."

"Nimekuja kuona maji yanatoka wapi."

"Yanatoka kwa hiki kikombe. Shika."

Kazi yangu ikawa kurusha maji kutoka ubavuni akihesabu. Mwanga ulipiga na kuzimika haraka mno, maji yakasimama hewani kwenye picha kama kioo kilichovunjika. Hakuna mrusho uliotosha peke yake. Kamera haikusogea kwenye miguu yake mitatu, kwa hiyo angechukua bawa la mrusho huu na matone ya ule, aviunganishe kwenye kompyuta. Alikuwa ameipulizia chupa maji yenye glisirini ili matone yaigande yasiteleze. Niliuliza kila kitu, akajibu kila kitu.

Mwenye serumu alikuwa amekaa kwenye kiti, mama wa Kiomani wa ukoo wa Unguja, anayeitengeneza mwenyewe na kuiuza mtandaoni. Alipojua sina pa kulala, alisema, "Nna chumba uani kwangu. Kitupu. Ukitaka, jioni twende zetu." Nikashukuru. Moyo ulitua kabisa.

Ikabaki picha ya tone. Nikashika kifuniko chenye mpira, nikaubinya polepole hadi tone likajaa kwenye ncha ya kijibomba cha kioo, likaning'inia. Mwanga ukapiga. Sote watatu tulikimbilia kompyuta. Tone lilikuwa limebeba taa yote tumboni, na juu yake vidole vyangu, vyeusi, vinang'aa maji.

"Mashallah," mama akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Mkono huu tuung'arishe kidogo."

"Kwa taa?" nikauliza.

"Kwa kompyuta, dada'angu. Kidogo tu. Wateja wangu wanapenda weupe."

"Serumu yako inatia weupe?"

"A'a! Hasha! Inalainisha tu. Ubani na shubiri, wallahi."

"Basi utakuwa umeahidi kitu ambacho hakimo kwenye chupa, na mkono uliodanganya ni wangu."

Mpiga picha akajikuta ana kazi kubwa sana ya kukamua taulo.

"Weka mkono wako, mama," nikasema.

"Mimi nna hina ya harusi hadi hapa. Na kwetu hawataki nionekane mtandaoni, hata kidole." Akanitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Chumba nshakupa. Na wewe nipe hiki kidogo."

Hapo nikaelewa bei ya kile chumba. Nilikitaka. Mgongo wangu ulikitaka kuliko mimi. Nikamgeukia mpiga picha.

"Unaweza kuufuta wote?"

"Mkono? Naweza. Kijibomba kitabaki kinaelea."

"Futa. Afadhali nisiwepo kuliko niwepo nikiwa mtu mwingine."

"Mbishi wee!" mama akasema. "Kwa kijipicha?"

"Kwa mkono, mama. Picha ni yako."

Akapunga vidole vyenye hina. "Mfutie." Kuhusu chumba hakusema tena, nami sikumkumbusha. Nilisimama nyuma ya kiti hadi kidole cha mwisho kilipotoweka, nikachukua begi.

Mpiga picha aliniambia kuna Watanzania wanaofungasha bidhaa viwandani Rusayl, wanapanga nyumba pamoja. Nilifika jua likiwa bado kali. Mwanamke wa Tanga alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi.

"Nikwambie mapema, dada," nikasema. "Mimi ni mbishi. Nimekosa chumba leo kwa ubishi."

Akanikagua kuanzia kichwa hadi ndala.

"Aliyetoka juzi alikushinda," akasema. "Ndiyo maana kuna kitanda. Vua viatu, uingie."