Kovu kwenye paji la uso wa baba

Baba alipotea siku ya Alhamisi asubuhi. Dada yangu, aliyekuwa akiishi naye Ipinda, aliingia jikoni kuchemsha chai, akatoka na kukuta kigoda cha baba kitupu na fimbo haipo. Wakati huo baba alikuwa ameshaanza kusahau. Aliweza kukuuliza hali ya mama, aliyefariki zamani, kisha akakasirika kwa kuona hujamjibu.

Mimi nina studio ya picha Kyela mjini. Dada aliponipigia simu nilifunga mlango, nikapanda bodaboda, na kutwa nzima tulizunguka mashamba ya mpunga tukiuliza. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima na mito ilikuwa imejaa. Kila nilipofika kwenye daraja nilitazama chini kabla ya kutazama ng'ambo. Dada alikuwa akifanya vivyo hivyo, na hakuna aliyelisema.

Jioni nilituma picha ya baba kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijiji. Aibu yangu ilianzia hapo. Mtu anayeishi kwa kupiga watu picha hakuwa na picha nzuri ya baba yake. Niliyokuwa nayo nilimpiga siku ya kipaimara cha mpwa wangu, saa sita mchana, nje ya kanisa, kwenye uwanja wa mchanga mweupe. Jua lilikuwa utosini, na mchanga nao ulimrudishia mwanga usoni. Paji lote la uso lilikuwa jeupe kama sahani, na mashavu yalikuwa na mabaka meupe chini ya macho. Siku ile niliiona nikasema nitairekebisha. Sikuwahi kuirekebisha.

Ijumaa asubuhi simu iliita. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kimoja upande wa Ikolo.

"Wewe ndiye uliyetuma picha ya mzee?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, kuna mzee ameonekana mtoni. Amekwisha kufa. Tunailinganisha hiyo picha na tunashindwa. Uso kwenye picha umeng'aa sana, hauna alama yoyote. Baba yako ana alama gani?"

Nilikaa chini palepale mlangoni kwa dada. "Ana kovu," nilisema. "Linaanza kwenye nyusi ya kushoto linapanda hadi kwenye nywele. Alianguka na baiskeli akiwa amebeba gunia la mpunga."

"Kwenye picha halipo."

"Lipo. Jua limelifuta."

"Subiri," akasema. Nilisikia hatua zake kwenye matope, kisha sauti za watu. Dada alikuwa amesimama mbele yangu na kanga mdomoni. Sijui tulisubiri muda gani.

"Hana kovu," mwenyekiti akasema. "Siye. Poleni. Lakini tuma picha nyingine, mwanangu. Hii inaweza kuwa ya mzee yeyote."

Nilifurahi kwamba aliyekufa ni baba wa watu wengine, kisha nikaogopa kwa ajili ya furaha hiyo. Ndipo nilipoelewa kwamba tangu jana watu walikuwa wakimtafuta mzee asiye na kovu, mtu ambaye hayupo duniani.

Nilianza kuirekebisha picha kwenye simu, kwa haraka. Nilishusha mwanga wa sehemu angavu hadi mwisho. Paji la uso likageuka kijivu, kama limepakwa majivu, na kovu halikuonekana. Dada alichungulia akageuka upande. "Umemfanya kama maiti," alisema. Picha ile ilikuwa imeshabanwa na kamera ili faili liwe dogo, na ikabanwa tena na simu. Ndani ya ule weupe hapakubaki kitu cha kurudisha.

Lakini kamera yangu huhifadhi picha mara mbili: moja iliyo tayari kutumwa, na nyingine ghafi, yenye kila kitu kamera ilichokiona. Ghafi zilikuwa kwenye diski, studio. Nilirudi mjini nikiomba njia nzima nisiwe nimezifuta ili kupata nafasi. Nilikosea neno la siri mara mbili, kisha nikafungua folda za kipaimara. Ilikuwepo.

Kwenye faili ghafi, nilipovuta sehemu angavu chini, mashavu yalirudi kwanza, mikunjo na vinyweleo vyake. Halafu weupe wa paji ukaanza kusinyaa kutoka pembeni, kama dimbwi linalokauka. Juu ya nyusi ya kushoto ukatokea mstari hafifu. Nililia kidogo nikaendelea. Kamera hunasa rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu; pale ambapo mwanga umeunguza moja au mbili tu, ile iliyosalia huisaidia programu kukisia zilizopotea. Pale zilipoungua zote tatu, hakuna kitu.

Mstari ulikuwa hafifu mno kwa mtu atakayeangalia kwenye simu ndogo, juani. Nilijaribu kuitia giza picha nzima, macho ya baba yakazama kwenye kivuli cha nyusi na akawa mtu mwingine tena. Kwa hiyo nilichagua paji na mashavu peke yake, kingo nikazilainisha, na ndani ya eneo hilo tu nikafungua mchoro wa toni, ule mstari unaopanda kutoka weusi kwenda weupe. Nikaushika katikati usisogee. Nikaushusha sehemu ya juu ya katikati, na ncha ya mwisho nikaiacha mahali pake. Hapo mstari ukapanda kwa ukali kuelekea kwenye weupe, na tofauti ndogo zilizobanana mle ndani zikaachana. Kovu likasimama. Rangi ilikuwa imepooza, nikaongeza wekundu kidogo na kupunguza bluu, hadi ngozi ikawa ngozi ya baba.

Karibu na nywele kilibaki kipande cheupe, na kovu liliishia hapo. Nilimtumia dada.

"Malizia hadi juu," akasema kwenye simu. "Si unajua linapopita?"

Nilikuwa najua. Lakini nilimfikiria mwenyekiti pale mtoni, na picha mkononi, akilinganisha. Nikichora vibaya kwa upana wa kidole, mtu atasema siye, na atakuwa ndiye. "Siwezi, dada," nilisema. "Nitaandika kwa maneno kwamba linafika kwenye nywele." Niliituma hivyo.

Saa tisa alasiri alipiga mama mmoja wa Makwale, anayeanika kakao. Alisema kuna mzee ameketi kibarazani kwake tangu jana, amempa ndizi na mahali pa kulala, akidhani ni mgeni wa majirani.

"Ile picha ya jana niliiona," alisema. "Nikasema huyu si mweupe vile. Hii ya leo ina kovu lake."

Sikumwamini. Nilimwomba amguse pale kovu linapoishia. "Kwenye nywele," akasema, na nyuma yake nikasikia sauti ya baba ikilalamika kwamba anaguswaguswa.

Tulimkuta ameshika fimbo yake, miguu imevimba, matope hadi magotini. Alikuwa amevuka maji mahali fulani, hatukujua wapi. Dada alipiga magoti mbele ya yule mama, akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mama. Ndaga fijo."

Baba alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu wa ofisini. "Wewe ni mtoto wa nani?" akaniuliza.

Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaniruhusu nimshike mkono hadi kwenye gari tulilokodi. Sikuuachia hadi tulipofika Ipinda.