Barua Isiyosubiri Jibu

Jumanne nilipanga foleni posta ya Mpanda, nyuma ya mama mmoja wa Kawajense. Karani aligeuza bahasha yake, iliyoandikwa 'Kwa Baba' juu ya jina.

"Dada, hujaandika anwani yako. Baba yako atajibu wapi?"

"Sisubiri jibu. Alituacha mwaka themanini na nne."

Mzee nyuma yangu alichungulia bahasha: sanduku la posta la parokia, kijiji cha Mamba. "Binti, mimi natoka hukohuko. Barua za sanduku hilo zinaitwa baada ya misa. Asiyejua kusoma, katekista anamsomea palepale, watu wote wanasikia. Kama kuna siri, itoe."

"Najua, mzee. Baba hajui kusoma."

Alilamba stempu, akaibandika, akaisawazisha kwa kidole gumba.

"Huko amewaambia watu kuwa watoto wake tulikufa wote kwa surua. Nimeandika majina yetu sita, na kila mmoja anakoishi."

Muhuri wa karani ulibaki hewani. Mzee alivua kofia taratibu.

"Tulikaa naye msibani siku tatu," alisema.

Nami nilisahau kilichonipeleka posta. Barua ikifika salama, Jumapili moja baada ya misa, marehemu sita watafufuka kwa stempu moja.