Jasho Lisilokauka

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa napiga pasi kwenye dobi, chumba cha kufulia nguo, ya hoteli moja katikati ya Nairobi. Dobi ilikuwa chini ya ardhi, haina dirisha. Mashuka yalitoka mashineni yangali moto, na kila pasi kubwa ya kubana mashuka ilipofunguliwa, mvuke ulipanda mpaka darini. Feni moja ya ukutani ndiyo iliyousukuma nje. Siku ninayoisimulia, feni hiyo iliharibika asubuhi, na msimamizi akatuambia tuendelee, fundi anakuja.

Niliyefanya naye kazi kwenye pasi moja alikuwa mama kutoka Magharibi mwa Kenya, anakaa mtaa wa Riruta, mkubwa kwangu kidogo. Kwa kawaida aliimba nyimbo za kanisani tangu tunaingia. Siku hiyo alinyamaza. Jasho lilimtoka likadondoka kutoka kidevuni juu ya mashuka. Nilijituliza kwa kujiambia kwamba mtu akitoka jasho hivyo, mwili unajipoza wenyewe.

Halafu akaanza kukunja shuka ambalo halikuwepo.

Nilimwita, akaniangalia kama mtu asiyenijua. Nilipomshika mkono, ngozi iliniunguza, nayo ilikuwa imelowa chapachapa. Akaanza kuanguka. Mimi na mwanamume wa mashine tulimbeba ngazini hadi uani, nyuma ya jiko, huku nikiogopa kwamba atafia mikononi mwetu. Mtu mmoja alisema ni homa, akaleta blanketi. Nesi wa hoteli alifika mbio, akalitupa blanketi kando, akamvua ovaroli.

“Leta maji,” akaniambia. “Wewe mmwagie, huyu apepee. Msiache.”

Nilichota kwa sufuria ya jikoni. Mwanamume akapepea kwa sinia. Nesi alituma mtu apige simu hospitali, kisha akapiga magoti na kumuuliza mgonjwa anakaa wapi. Akajibu kwamba yuko kwao, ng'ombe hawajakamuliwa. Ili nisilie, nikaanza kumuuliza nesi maswali, naye akanijibu bila kuinua macho.

“Sista, jasho lote hili, mbona bado anawaka?”

“Kwa sababu jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka.”

“Kukauka kunapozaje?”

“Maji hayageuki mvuke bure. Yanahitaji joto. Yakiwa juu ya ngozi, joto hilo yanalitoa kwenye ngozi, yanaondoka nalo. Ukitoka kuoga, si unasikia baridi hata kama maji yalikuwa ya moto?”

“Sasa kule chini?”

“Kule chini hewa imejaa mvuke tayari. Jasho linakosa pa kwenda. Linadondoka tu sakafuni, na joto linabaki mwilini mwake. Na pasi inaongeza lingine.”

Nilimwaga sufuria nyingine. Nikamuuliza kama ndiyo maana siku mvua inapokaribia, hewa ikiwa nzito, tunaona joto kuliko siku kavu ya jua lile lile. Akasema ndiyo hiyo hiyo, ila dobi yetu ilikuwa mbaya mara nyingi zaidi.

“Na kupepea?”

“Hewa iliyogusa ngozi inalowa. Ukipepea, unaiondoa, inakuja nyingine kavu. Hapa nje hewa ni kavu. Pepea.”

Mwanamume alikuwa amechoka, nikachukua sinia. Nesi aliuliza tena, anakaa wapi. Midomo ilitikisika tu. Nilipepea mpaka mabega yakaniuma, namwangalia kifua kama kinapanda. Nesi alimgusa shingoni, akasubiri, akagusa tena. Kisha akauliza mara ya tatu.

“Riruta,” akasema, kwa sauti ndogo. Akauliza kwa nini yuko uchi mbele za watu.

Nesi alimfunika shuka jepesi. Gari la hospitali lilipokuja, mgonjwa alikuwa ananijua, lakini nesi alisisitiza apelekwe, akisema joto la namna hiyo linaweza kuumiza figo baada ya mtu kuonekana mzima. Alilazwa, akapona. Aliporudi kazini aliwekwa chumba cha kukunja nguo, juu, penye madirisha.

Siku ile feni ilipoharibika, sisi wa pasi tulikataa kushuka mpaka feni ifanye kazi. Msimamizi alikasirika, lakini nesi alisimama nasi mlangoni, na fundi akapatikana mchana ule ule. Nilirudi chini. Mwenzangu mpya alikuwa msichana wa Kangemi, mcheshi, na kila aliponyamaza kidogo nilimuuliza anakaa wapi. Alidhani namtania. Nilingoja mpaka anijibu, ndipo nikafunga pasi.