Foronya ya Chumba Namba Sita

Mdogo wangu aliniletea ile foronya Jumatatu asubuhi, ameikunja mara nne na kuibana kwapani kama mtu anayeficha yai la jirani. Mimi nilikuwa uani, nyuma ya nyumba ya wageni pale Bukoba mjini, nimezungukwa na vitambaa vya mezani. Nilikuwa dobi wa nyumba ile. Yeye alikuwa mtandikaji wa vyumba, na kazi hiyo nilimtafutia mwenyewe. Nilikwenda nyumbani kwetu Muleba kumchukua, nikamwahidi mama kwamba nitamwangalia.

"Dada, hii imeingia rangi ya mdomo kidogo. Nisaidie kabla bwana meneja hajahesabu."

"Rangi ya nani?"

Akacheka, lakini kicheko cha woga. "Yangu. Nilijipaka kidogo tu, nijione kwenye kioo cha chumba namba sita. Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Sikuwa na kitu mkononi isipokuwa foronya niliyokuwa nimeivua. Nikajifuta."

Niseme jinsi mambo yalivyokuwa. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ujamaa, na meneja alikuwa amewakataza wanawake wote wa pale kujipaka midomo kazini. Alisema hii ni nyumba ya wananchi, siyo baa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akisema kwamba yeyote kati yetu akipata shida atampa ruhusa, na kweli mpishi alipofiwa alimpa siku saba na mkungu wa ndizi. Lakini katika jambo la rangi alikuwa hasikii la mtu.

Mdogo wangu naye alikuwa ameposwa. Kijana wa Izimbya, mwalimu, Mkatoliki kama sisi. Wazee walikuwa wamekwisha kunywa pombe ya posa na siku ya harusi ilikuwa baada ya mavuno ya kahawa. Kwa hiyo kile kilichokuwa kwapani mwake hakikuwa foronya tu, na mimi nililijua hilo.

Niliikunjua. Hapa ndipo ninapojiuliza kila mara kama niliangalia vizuri. Nakumbuka mstari mmoja mwekundu, upana wa vidole viwili, umeanza mzito ukaishia mwepesi, kama mtu aliyevuta brashi. Ndivyo mdomo uliofutwa unavyoacha. Mdomo uliolalia mto hauachi mstari. Unaacha alama iliyobanwa, nayo huwa imezungukwa na poda au mafuta ya uso, kwa sababu shavu nalo linalala. Hayo nilifundishwa na masista nilipokuwa msichana, nao walikuwa wakifua vitambaa vya wageni wa kila aina. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini nguo nilikuwa nazisoma.

Shida ilikuwa vitambaa. Jumamosi kulikuwa na karamu ya wageni wa serikali na wake zao, na kila mwanamke alifuta mdomo kwa kitambaa cheupe cha pamba. Mpishi alipita akaangalia beseni langu akasema, "Aa, dobi, hawa juzi hawakula chakula changu. Wamekula midomo yao!"

Rangi ya mdomo ni nta na mafuta, na ndani yake kuna rangi yenyewe. Ukiitia maji ya moto kwanza, mafuta yanayeyuka na kutembea, na rangi inakwenda nayo mpaka ndani ya uzi. Kwa hiyo unaanza nguo ikiwa kavu. Unakwangua kwa mgongo wa kisu. Unailaza, upande wenye doa chini, juu ya kitambaa kikuukuu, halafu kwa upande wa nyuma unagongagonga na pamba iliyoloweshwa spiriti, kutoka ukingoni kuja katikati, ili rangi ishuke kwenye kile kikuukuu. Unasogeza kila mara pakavu. Husugui. Rangi ikikoma kushuka, unapaka sabuni ya mche pale penye doa, unafikicha kwa maji ya uvuguvugu, unasuuza. Ukiona pameng'aa, ndipo unachemsha. Na pasi haigusi kitu ambacho bado kina kivuli.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa vitambaa thelathini na kitu. Vilitoka vyote. Foronya ilipofika, chupa ya spiriti ilikuwa imebaki harufu.

Ningesema, "Ifiche, nitapata spiriti kesho." Duka la Mhindi lilikuwa karibu, na hata kama halikuwa nayo, doa kavu lingesubiri juma zima bila kudhurika. Badala yake nilisikia neno lile "hajahesabu", nikaingiwa na haraka. Pipa lilikuwa linachemka pale na magadi yake. Nikapaka sabuni, nikachovya pembe yenye doa. Mimi, niliyewakemea wasichana wengine wawili kwa kosa hilo hilo.

Mstari ukafunguka. Ukawa wingu la waridi, kubwa kama kiganja. Nikajaribu mafuta ya taa, yakatoa mafuta yake, rangi ikabaki. Nikajaribu ndimu na jua mchana kutwa juu ya majani. Ikafifia, haikuondoka.

Kila foronya ya pale ilikuwa na namba ya chumba, imeshonwa kwa uzi wa buluu kwenye pembe. Meneja aliikuta majanini saa kumi jioni. Katika chumba namba sita alikuwa amelala bwana mmoja, ofisa, peke yake.

Mdogo wangu alikiri pale pale, kwamba alijipaka na akajifuta. Meneja alimwachisha kazi kwa kujipaka, hakusema zaidi ya hapo. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nyumbani wengi walimtukana yeye. Habari ya zaidi ya hapo ilisemwa jikoni, ikapanda basi, ikafika Izimbya kabla ya Jumapili. Ilipofika ilikuwa imeshapata kitanda.

Wakaja kwetu Muleba, nami nikaitwa kutoka mjini. Walikuja shangazi wa kijana na wazee wawili, wakakaa sebuleni juu ya majani mapya ambayo mama alitandaza. Shangazi yule alikuwa mwanamke wa heshima, mtu wa kanisani. Hakupiga kelele. Alisema, "Sisi hatukuja kuvunja. Tumekuja kuuliza, ili tukirudi tuwe na la kuwajibu watu." Namwamini mpaka leo.

Walimsikiliza mdogo wangu. Halafu shangazi akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ndiwe uliyeishika ile nguo. Wewe ni fundi wa mambo hayo. Ulionaje?"

"Waitu mama," nikajibu kwa adabu ya lugha yetu, "niliona kama mfuto. Siyo kulala."

"Kama mfuto, au mfuto?"

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti karibu na mlango. Hakuniangalia mimi, aliangalia mikono yangu.

Ningesema mfuto. Lakini nilikuwa na tabia, sijui niite tabia njema au ugonjwa, ya kutosema kitu nisichoweza kukiapia. Nilijiuliza: je, niliangalia, au jicho langu lilikuwa kwenye pipa? Je, niliona mstari kwa sababu alikwisha kuniambia alijifuta? Nikasema, "Niliiangalia kwa haraka. Nadhani mfuto."

"Na kitu kingine hakikuwepo? Ile nguo ilikuwa na rangi tu?"

"Ilikuwa na mafuta ya nywele pia," nikasema.

Mzee mmoja akavuta pumzi. Baba akainamisha kichwa.

Kwangu mimi yale yalikuwa maneno ya bure kabisa. Hakuna foronya katika nyumba ya wageni isiyo na mafuta ya nywele. Wanaume wa ofisi wote walikuwa wakijipaka mafuta mazito ya kopo, na kila mto uliolaliwa na mmoja wao una duara la manjano katikati. Dobi haliiti doa hata kidogo, ni uchafu wa kila siku, unatoka kwa sabuni na maji ya moto. Niliulizwa kilichokuwemo nikajibu kilichokuwemo. Lakini wale hawakuwa madobi. Kulala juu ya mto wenye foronya ya hoteli wao walikuwa hawajawahi. Walisikia mafuta ya nywele, wakaona kichwa cha mwanamke.

"Yalikuwa ya yule bwana!" nikasema. "Wanaume wanapaka! Wote wanapaka!"

"Basi, mwanangu," shangazi akasema taratibu. "Usijisumbue. Ni mdogo wako, tunaelewa."

Na hapo kila nilichoongeza kikawa utetezi wa ndugu. Nilieleza mstari, nilieleza poda, nilieleza mdomo uliolala na mdomo uliofutwa. Wakanisikiliza kwa adabu. Wakaomba waione foronya. Ilikuwa Bukoba, na hata ingekuwa pale, lile wingu lingewaambia nini? Ushahidi nilikuwa nimeuchemsha.

Posa ilirudishwa mwezi ule ule. Kijana mwenyewe aliandika barua, akasema anamwamini lakini hawezi kumwoa akaleta vita nyumbani kwao. Mdogo wangu alisoma barua jikoni, akaisoma tena, akaendelea kumenya ndizi.

Jioni nikamfuata shambani. "Nilisema ukweli tu," nikamwambia. "Sikutaka kusema nisichokijua."

"Ndiyo, dada. Ulisema ukweli wote."

Sikusikia hasira ndani yake. Ningeisikia ningeshukuru.

Miezi mingi baadaye, chupa ya spiriti ikiwa imejaa tena, nikalijaribu jambo lile. Sijamwambia mtu hili. Nilinunua rangi ya mdomo, nikachukua kitambaa cha pamba, nikajifuta mara moja. Halafu nikajipaka tena na mafuta ya uso, nikalala juu ya kipande kingine nusu saa, mtu mzima peke yangu chumbani mchana. Nikalinganisha. Vilikuwa tofauti kabisa, hata mtoto angejua. Kile cha kufuta kilikuwa ndicho nilichokiona asubuhi ile. Ningeweza kuapa. Nilivisafisha vyote viwili vikang'aa, na hakukuwa na wa kumwonyesha, kwa kuwa kijana wa Izimbya alikuwa amekwisha kufunga ndoa.

Mdogo wangu aliolewa baadaye na mjane wa Rubafu mwenye watoto wanne. Mwanaume mpole, sina neno juu yake. Nilikwenda alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Alinipokea vizuri mno. Aliniuliza habari za mjini, habari za safari, habari za afya, zote kwa mpangilio, kama anavyoulizwa mkwe. Nguo za mtoto zilikuwa zimejaa beseni, na siagi ile wanayowapaka watoto wachanga ilikuwa imeshika kila nepi. Nikajifunga kanga, nikainama nianze.

Akanyoosha mkono kutoka kitandani, akavuta beseni kwake.

"Acha, dada," akasema, anatabasamu. "Mgeni hafui."

Nikakaa. Akaniagizia chai.