Hesabu Inaanzia kwa Mpiga Pasi

Nimeingia ofisi nyingi za mishahara, za vioo na za mabati, na sijaona meza ninayoiheshimu kama ile ya Mama Kalamu. Iko nyuma ya karakana ya kushona sare, katikati ya marobota ya kitambaa na ukuta unaotetemeka kila cherehani zikianza kazi. Alianza hapo akishona vifungo. Miaka kumi na tisa baadaye, hakuna mshahara unaotoka kabla hajatia saini.

Mwezi mmoja, saini hiyo ilikuwa inakaribia kufutwa. Shemeji yake bosi, mtu wa kompyuta na manukato, alikuwa ametengeneza jedwali jipya.

"Mashine haikosei, Mama Kalamu," alisema, akimwekea karatasi mezani. "Weka saini yako ya mwisho, kisha upumzike. Mwezi ujao utahesabu vifungo."

"Vifungo navyo vina hesabu yake, shemeji," alijibu bila kuinua macho. "Shati likikosa kimoja, tumbo liko nje."

Mafundi wakacheka. Bosi hakucheka, alitazama saa. Orodha ilitakiwa ifike benki kabla ya saa tisa, na saa saba ilikuwa imeshapita.

"Kama iko sawa, tutaendelea na mashine peke yake," bosi alisema. "Sitalipa watu wawili kwa kazi moja."

Karatasi ilikuwa safi kweli. Wafanyakazi wanane, mistari minane. Mshahara ghafi, ukitoa makato, ulileta mshahara wa mkononi, mstari kwa mstari, na jumla ya chini haikuyumba. Mtu mwingine angetia saini akaenda kula. Lakini Mama Kalamu ana desturi yake: hasomi jibu la mtu kabla hajapata lake. Alifunika karatasi kwa daftari la mahudhurio, akaanza na anayelipwa kidogo kuliko wote. Huyo, husema, ndiye anayeumia kwanza.

Huyo alikuwa mpiga pasi. Alifanya kazi siku zote, hana saa za ziada: ghafi laki tatu na elfu ishirini. Mfuko wa pensheni huchukua asilimia kumi, yaani elfu thelathini na mbili. Inabaki laki mbili na elfu themanini na nane, na kodi hutazama kinachobaki, si ghafi. Chini ya laki tatu hakuna kodi. Kwa hiyo mkononi: laki mbili, themanini na nane elfu.

Akafunua karatasi. Ilisema laki mbili, themanini na sita.

"Shemeji, hebu njoo. Huyu dada umemtoza kodi ya elfu mbili. Ya nini?"

"Amezidi laki tatu, mama. Asilimia kumi ya elfu ishirini zilizozidi."

"Amezidi kabla ya pensheni. Safu ya kodi iko wapi?"

Shemeji alikohoa. "Niliisogeza ikae karibu na ghafi. Ilipendeza zaidi."

"Na ikahesabu kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye ghafi."

"Ndiyo maana kila mstari unajumlika vizuri. Umekosea kwa unadhifu."

Akashika kalkuleta, akaenda kwa mkata nguo. Mshahara laki sita, saa za ziada elfu sitini: ghafi laki sita na sitini elfu. Pensheni sitini na sita elfu; kinachobaki, laki tano na tisini na nne elfu. Asilimia kumi ya kilichozidi laki tatu ni elfu ishirini na tisa na mia nne. Mkononi: laki tano, sitini na nne elfu na mia sita. Jedwali lilimpa laki tano na hamsini na nane. Kodi ilikuwa imemzidi kwa elfu sita na mia sita.

Wote wanane walikuwa wamekatwa zaidi.

Bosi alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo hafanyi mbele ya mafundi. "Zingekwenda hivyo benki na kwa watu wa kodi?"

"Zingekwenda. Kisha tuzidai kwa barua, miezi, na mkata nguo anakuuliza wewe, si mashine."

Shemeji alirekebisha safu palepale, jasho likishindana na manukato. Mama Kalamu akalinganisha mistari minane, mmoja mmoja, na majibu yake ya mkono. Saa nane na nusu akatia saini, polepole, kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na hataki hata moja iibiwe.

Bosi akachukua karatasi, akasimama mlangoni.

"Shemeji, jedwali lako zuri. Mwezi ujao uliandae mapema, siku mbili kabla, Mama Kalamu apate nafasi."

"Siku tatu," alisema Mama Kalamu.

"Siku tatu," bosi akakubali, akakimbilia benki.