Sekunde Arubaini

Mwaka huo nilikuwa nikipeleka maziwa kwa baiskeli kutoka Suna hadi mjini Migori kila asubuhi, na miguu yangu ilikuwa imekomaa. Ndipo likaja shindano la baiskeli la wanawake, kutoka Migori hadi Homa Bay. Mshindi mmoja tu angeingia kwenye timu ya mkoa.

Karani wa kuandika na kuhesabu muda wa kila mwendeshaji alikuwa rafiki yangu, Nyamera. Tulisoma dawati moja tangu darasa la tano, na mimi ndiye niliyemfundisha hesabu za saa. Siku hizo kila akiazima kwenye dakika aliongeza mia kwenye sekunde, kama vile anatoa mita na sentimita. Nilikuwa nikimwambia, "Nyamera, dada yangu, dakika moja ukiivunja inatoa sitini. Sitini tu." Ilimchukua muhula mzima, lakini ilimwingia. Tulipofanya mtihani wa mwisho, yeye ndiye aliyenisahihisha mimi.

Tuliondoka mmoja mmoja, kila baada ya nusu dakika. Mimi niliachiliwa saa mbili na dakika nne na sekunde thelathini. Binamu ya rafiki yangu, msichana mwenye mbio kweli, akaachiliwa dakika mbili kamili baadaye. Kilima cha kabla ya Rongo kilinitoa machozi. Baada ya hapo sikumbuki sana, ila upepo wa kutoka ziwani ulionipiga usoni nilipokaribia Homa Bay.

Nilifika saa nne na dakika hamsini na mbili na sekunde kumi na tano. Nilijua kwa sababu mwamuzi aliisoma saa kwa sauti, na nikairudia moyoni nikiwa bado napumua kwa shida. Binamu ya Nyamera alifika saa nne, hamsini na nne, ishirini na nane.

Karatasi ilipobandikwa, jina langu lilikuwa la pili. Mimi: saa mbili, dakika arubaini na nane, sekunde ishirini na tano. Yeye: saa mbili, arubaini na saba, hamsini na nane.

Nilikaa chini ya hema nikahesabu kwa kijiti mchangani. Kumi na tano haitoi thelathini, naazima dakika moja: sabini na tano toa thelathini, arubaini na tano. Dakika hamsini na moja zilizobaki toa nne, arubaini na saba. Nne toa mbili, mbili. Saa mbili, arubaini na saba, arubaini na tano. Nilikuwa nimemshinda kwa sekunde kumi na tatu.

Nilienda mezani kwa Nyamera nikamwomba daftari. Alinipa bila kunitazama. Kwenye mstari wangu alikuwa ameazima mia: mia na kumi na tano toa thelathini, themanini na tano. Kisha akazigeuza kuwa dakika moja na sekunde ishirini na tano. Sekunde arubaini za bure, zote juu yangu. Mstari wa binamu yake ulikuwa chini ya wangu. Naye alihitaji kuazimiwa: ishirini na nane toa thelathini. Hapo alikuwa ameandika themanini na nane toa thelathini. Sitini.

"Kwake umeazima sitini," nilimwambia polepole. "Kwangu mia."

"Wewe una nguvu," alisema, akifunga kalamu. "Mwakani utapata. Yule ni damu yangu."

Nilimwita mwamuzi. Alihesabu mara mbili, akatikisa kichwa, akamtazama rafiki yangu. Naye akaanza kulia.

"Samahani, mwamuzi. Mimi hesabu za saa zilinishinda tangu shuleni. Muulizeni huyu, anajua."

Wanawake waliokuwa pale wakamzunguka. Mmoja akanigeukia, "Dada, kosa ni kosa. Mbona unamkazia macho hivyo?"

Nilimwonyesha mwamuzi ule mstari wa binamu. Aliufuata kwa kidole hadi kwenye ile themanini na nane. Alielewa, nilimwona akielewa. Kisha akafunga daftari.

"Nafasi ni yako," alisema. "Tuishie hapo."

Karatasi ikabandikwa upya, jina langu juu. Watu walipiga makofi kidogo. Binamu ya Nyamera alikuja kunishika mkono, akasema hakujua lolote, na nilimwamini.

Nilikwenda na timu, nikamaliza wa kumi na moja. Niliporudi Suna nilikuta watu wanasema nilimdhalilisha mwenzangu hadharani kwa sababu ya sekunde chache. Nyamera mwenyewe hakuwahi kuyakanusha maneno hayo. Siku moja sokoni alinisalimia mbele ya wengine, kwa sauti tamu kabisa, akauliza habari za mama. Nilimjibu kwamba hajambo, nikapima maziwa ya mteja aliyekuwa akingoja.