Asilimia Themanini za Yonasi

Lusungu hajui kukaa. Akiwaza, huzunguka ofisi yetu ya takwimu za afya hapa Tunduma mpaka mimi Stumai, nesi wa kifua kikuu, nimwambie, "Mdogo wangu, utatoboa sakafu!"

Wiki ile kilichomzungusha ni modeli aliyoiunda. Kompyuta ilijifunza kwenye rekodi za vituo vitano, ikabashiri mgonjwa gani ataacha dawa. Mkuu wetu, Daktari Anania, alishapanga: mwenye hatari kubwa hatapewa dawa za kwenda nazo nyumbani, atazimeza kituoni kila siku. Juu ya orodha alikuwepo Yonasi, mchota chumvi wa Ivuna, asilimia themanini. Kwake hadi kituoni ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Angeacha chumvi, au angeacha dawa.

"Ukichukua aliyeacha na aliyemaliza," Daktari alisema, "mara tisini na tatu kwa mia modeli inampa aliyeacha hatari kubwa zaidi. Si umepima mwenyewe?"

"Nimepima vibaya, Daktari," Lusungu akasema.

Alikuwa amegawa rekodi mafungu matano: manne yanafundisha, la tano linapima, kwa zamu. Lakini aligawa mahudhurio, si watu. Mgonjwa yuleyule alionekana kwenye kufundisha na kwenye kupima, modeli ikamkariri. Akarudia, kila fungu likiwa kituo kizima. Tisini na tatu ikashuka hadi sitini na sita. Akawatazama pia waliopewa hatari ya kama asilimia themanini. Walioacha kweli walikuwa arobaini na mmoja kwa mia.

Ripoti ilitakiwa kwa wafadhili Ijumaa.

"Hayo yaweke kwenye kiambatisho," Daktari alisema. "Na mkataba wako unaisha Juni, unakumbuka?"

Alikumbuka. Akazunguka siku nzima, akanitia kizunguzungu, kisha akayaandika ukurasa wa kwanza: "Modeli imekariri wagonjwa wetu. Kwenye kituo isichokijua inakosea sana, na hatari inazotaja zimezidi ukweli. Isitumike kumnyima mtu dawa za nyumbani."

Nilimkasirikia. Ana mama mzee kule Mbebe anayemtegemea, halafu anajifanya shujaa wa desimali! Nikamwambia hivyo hivyo.

Wafadhili waliiweka modeli kando. Yonasi akaendelea kubeba dawa zake. Juni ikafika, mkataba haukuongezwa.

Siku Lusungu alipokuja kutuaga nilikuwa na kadi ya Yonasi mezani, imeletwa kutoka Ivuna. Miezi sita, hajakosa hata dozi moja. Nikampa. Akaisoma amesimama, akaisoma tena.

"Mtu mmoja hathibitishi kitu, Dada Stumai," alisema. "Hata kwa asilimia themanini, ishirini kwa mia wangemaliza."

Akavuta kiti, akakaa.